Shajara ya Mradi wa Kisima: ulimwengu unaojengwa kwa kufuata mwanga

Kisima ni animesheni ya njozi ya dakika 22, inayotengenezwa kwa Blender na kumaliziwa kwa brashi ya mkono juu ya picha zilizokwisha kurendwa. Mji mzima umechongwa kwenye kuta za shimo moja la duara. Maji yaliyo chini yake yanashuka mwaka hadi mwaka, na wakazi wanachimba kuyafuata. Kwa hiyo walio chini wana maji lakini hawana jua, na huko juu kuna jua tele na nyumba zilizohamwa zamani. Sira, binti wa wachimbaji, anataka kupanda.

Shajara hii inaweka kumbukumbu za maamuzi ya kitengo cha picha: umbo la mji, motifu, rangi za jiwe na hali za mwanga. Kila uamuzi umeandikwa pamoja na sababu yake, ili atakayeingia kazini baadaye asilazimike kukisia.

Ingizo la 1. Shimo na saa za jua

Mchoro wa kwanza wa mradi ni mstatili mtupu: mkato wa shimo, upana mita 120, kina mita 180. Juu ya mstatili huo tulipitisha jua. Katika ulimwengu wetu jua hupita utosini, likisogea nyuzi 15 kwa saa kama jua tunalolijua. Swali lilikuwa moja tu: mwale unafika wapi, na saa ngapi?

Chukua mtu aliyesimama katikati ya sakafu. Ukingo wa shimo uko mita 180 juu yake na mita 60 pembeni, kila upande. Pembe kati ya utosi na ukingo ni nyuzi 18.4, kwa hiyo jua linamfikia likiwa ndani ya uwazi wa nyuzi kama 37 tu. Kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, hiyo ni takriban saa mbili na nusu: tangu saa tano kasorobo asubuhi hadi saa saba na robo mchana. Hiyo ndiyo siku nzima ya jua kwa mtu wa chini, na ratiba ya mji inaifuata. Soko, mahakama na kuanika nguo vyote vimewekwa ndani ya saa hizo, na waandishi wa hadithi wameshakabidhiwa jedwali lake.

Kuta nazo zina zamu. Ukuta wa magharibi hupata jua la asubuhi, wa mashariki hupata la alasiri. Jua likiwa utosini kabisa, mwale unateleza sambamba na kuta zote mbili, kuta zinafifia na sakafu inawaka. Mtazamaji akishaona zamu hii mara moja au mbili, anajua saa bila kuambiwa. Ndiyo maana ramani ya mji ina dira, na hakuna msanii anayeruhusiwa kugeuza shimo ili shoti moja ipendeze.

Hesabu ya pili ilihusu anga lenyewe. Jua likishaondoka, sakafu inamulikwa na kipande cha mbingu kinachoonekana juu. Katikati ya sakafu kipande hicho huleta sehemu moja ya kumi tu ya mwanga ambao uwanja wazi ungepata kutoka anga hilo hilo. Kwa kamera, sehemu moja ya kumi ni kushuka hatua tatu na kidogo, kila hatua ikikata mwanga nusu. Sasa linganisha na doa la jua. Jua la utosini huleta karibu lux laki moja, na anga safi peke yake kwenye uwanja wazi huleta kama elfu 10 hadi 20. Chini ya shimo anga hilo linabaki lux elfu moja hadi mbili. Tofauti kati ya doa la jua na kivuli kilicho kando yake inakaribia hatua sita. Ukiipima kamera kwa kivuli, doa linaungua na kuwa jeupe lisilo na kitu ndani. Ukiipima kwa doa, mji unapotea gizani. Usanifu wote unaofuata ni njia za watu wa Kisima za kupunguza tofauti hiyo, na ni njia zetu pia.

Ingizo la 2. Duara lenye pengo

Motifu kuu ni pete iliyokatwa sehemu moja ya sita. Asili yake iko kwenye mji wenyewe: mdomo wa shimo umezungukwa na ukingo wa mawe meupe, na upande mmoja umebomoka. Anayetazama juu kutoka chini anaona pete inayong'aa yenye pengo. Watoto wa Kisima wanaichora kabla ya kujifunza kuandika, na kwao ndiyo picha ya mbingu.

Pengo linakaa pande mbili tu, juu au chini. Likiwa juu, pete inasomeka kama bakuli: kungoja, kuhifadhi maji, kubaki. Likiwa chini, inasomeka kama tao la mlango: kupita, kuondoka. Walinzi wa Maji wanavaa bakuli, na nyumba zilizohamwa zina matao. Hatukuruhusu pengo la kulia au kushoto, na sababu ni ya kiufundi. Katika uzalishaji shoti hugeuzwa kama kwenye kioo mara kwa mara, ili mwelekeo wa macho au mwendo wa mhusika uungane na shoti inayotangulia. Pengo la pembeni lingehama upande kila shoti inapogeuzwa, na maana yake ingebadilika bila mtu kukusudia. Pengo la juu au la chini halibadiliki kwenye kioo.

Ukubwa wa pengo uliamuliwa kwa pikseli. Kwenye shoti za wastani, kidani cha Sira kina upana wa pikseli 24 na unene wa pikseli 4. Mzingo wa katikati ya mstari wake ni kama pikseli 63. Pengo la nyuzi 30 lina pikseli 5 hivi, lakini ncha zikichorwa za mviringo zinakula pikseli 4, na inayobaki moja inafunikwa na ulainishaji wa kingo. Kinachoonekana ni pete nzima, yaani motifu haipo. Pengo la nyuzi 60 lenye ncha zilizokatwa wima linabakiza pikseli 10, na linasomeka hata mhusika akiwa anakimbia. Kila mchoro wa motifu sasa unapimwa kwa upana wa pikseli 24 kabla ya kukubaliwa. Mchoro unaopendeza ukiwa mkubwa kisha ukajifunga ukiwa mdogo unarudi kwa mchoraji.

Kidani kinabeba mabadiliko ya Sira kwa fundo la kamba. Mwanzoni kamba imefungwa kwenye ncha zote mbili za pengo, hivyo pete inaning'inia kama bakuli. Katika sehemu ya pili ncha moja inakatika na pete inalala upande; hizo ndizo shoti pekee ambazo ni marufuku kuzigeuza kwenye kioo. Baadaye anaifunga upya katikati ya mgongo wa pete, mkabala na pengo, nayo inageuka kuwa tao. Hakuna anayelisema jambo hili kwa maneno. Tulijaribu mafundo yote matatu kwa pete ya waya na uzi kabla ya kumkabidhi mhuishaji, na uzito unaangukia pale pale tunapoutaka.

Hatari kubwa ya motifu ni kuipaka kila mahali. Msanii akiwa na pete kwenye maktaba yake ataiweka kwenye vikombe, mikanda, mapazia na taa, na mtazamaji ataanza kuiona kama urembo. Kanuni yetu ni moja kwa kila shoti, na katika ukubwa mmoja kati ya mitatu: kitu cha mkononi, sehemu ya jengo, au mdomo wa shimo. Shoti yenye mbili inahitaji sababu ya kihadithi. Shoti za mtazamo wa juu zinafuata sharti la ziada: sehemu iliyobomoka inakaa upande wa juu wa fremu, kama bakuli, hadi shoti ya mwisho ambapo kamera inazunguka nusu duara na bakuli linakuwa tao.

Ingizo la 3. Kuta, nguzo na vipande 120

Kabla ya kuchora nyumba tulitazama mashimo halisi yaliyojengwa na watu. Mawili yalitufaa sana. Chand Baori, kisima cha ngazi kilichoko Abhaneri, Rajasthan, India, kina karibu ngazi 3,500 zilizopangwa kwa mistari inayopishana hadi chini, kwa sababu maji yake hupanda na kushuka kwa misimu na mtu lazima ayafikie popote yalipo. Kisima cha San Patrizio huko Orvieto, Italia, kilichojengwa kati ya 1527 na 1537, kina kina cha mita 53 na ngazi mbili zinazozungukana bila kukutana: wanyama wa kubeba maji walishukia moja na kupandia nyingine. Madirisha yapatayo 70 yanaifungua ngazi hiyo kwenye uwazi wa katikati, na mwanga wote unaingilia hapo. Hatukunakili umbo la chochote kati ya hivyo viwili. Tulichukua kanuni zake: sehemu ya chini ya Kisima ni ngazi zinazopishana kwa sababu maji yanacheza, na barabara za katikati zinapumua kupitia uwazi wa shimo.

Kila ghorofa ina kimo cha mita 4, na shimo lina ghorofa 45. Ngazi zina kimo cha sentimita 16 na ukanyagio wa sentimita 30, kwa hiyo ghorofa moja ni ngazi 25 kamili. Kimo mara mbili ukijumlisha na ukanyagio unapata sentimita 62, na mwendo wa mtu mzima unakaa vizuri kati ya 60 na 65. Hili si la kupuuza hata kwenye njozi. Ngazi ya sentimita 25 inamlazimisha mhuishaji kuinua goti la mhusika kila hatua, na msafara wa watu arobaini unaonekana kama unakwea mlima.

Barabara ya mzingo ni ukumbi uliochimbwa mita 6 ndani ya mwamba. Mbele kuna safu ya nguzo kwenye nusu kipenyo cha mita 60, nyuma kuna ukuta wa nyumba kwenye nusu kipenyo cha mita 66. Upana wa kipande kimoja cha ukuta tuliuweka mita 3.14, yaani π, na uteuzi huo ulituokolea kazi nyingi: mzingo wa mita 60 unachukua vipande 120 kamili, na kila unaporudi nyuma mita 6 vinaongezeka vipande 12. Ukuta wa nyuma una 132. Hakuna kipande cha kukata wala kuvuta. Upangaji unafanywa na kijiandiko kifupi:

```python
import bpy
from math import pi, sin, cos

def panga(kipande, r, z, upana=pi):
    n = round(2 * pi * r / upana)
    for i in range(n):
        a = 2 * pi * i / n
        o = bpy.data.objects.new("ukuta", kipande.data)
        o.location = (r * cos(a), r * sin(a), z)
        o.rotation_euler[2] = a
        bpy.context.collection.objects.link(o)
```

Vipande vyote vinatumia data moja ya umbo, kwa hiyo kumbukumbu ya kompyuta haijai, na ukirekebisha dirisha moja yote yanarekebika. Umbo la kipande linatakiwa kutazama mhimili wa X. Likitazama Y, mji mzima unasimama ubavu.

Nguzo 120 mbele ya vipande 132 zina faida nyingine tunayoipenda. Mlango na uwazi kati ya nguzo havikai sawa kila mahali: mpangilio unasogea kidogo kidogo na kujirudia baada ya kila nguzo 10. Kamera ikipita barabarani, milango inajificha na kutokea nyuma ya nguzo kwa mdundo usio sawa, na macho hayagundui kwamba jengo ni kipande kimoja kilichorudiwa. Nguzo pia zinafunika kona ya nyuzi 3 iliyopo kila vipande viwili bapa vinapokutana.

Madirisha yanakua kadiri unavyoshuka. Ghorofa za juu yana upana wa sentimita 60, katikati 90, chini 140, na kingo zake za ndani zimetanuliwa ili mwanga ufunguke unapoingia chumbani. Mwenyeji wa juu alihitaji kujikinga na jua, wa chini anahitaji kila chembe yake. Shoti yoyote ya ndani sasa inajieleza iko ghorofa gani, hata bila mandhari nyuma ya dirisha. Uchongaji nao unafuata umri: mji ulichimbwa kutoka juu, kwa hiyo matao ya juu yamelika na kupoteza kingo, na ya chini bado yana alama za patasi.

Ingizo la 4. Jiwe lisigeuke kaa la moto

Rangi ya kwanza ya mwamba ilikuwa nyekundu ya kahawia, ikiakisi mwanga kwa kiasi cha 0.45 kwa nyekundu, 0.30 kwa kijani na 0.22 kwa buluu. Kwenye kipande cha majaribio, mchana wazi, ilikuwa ya kuvutia. Ilipowekwa ndani ya shimo, ghorofa za chini zikawa nyekundu kali kama ndani ya tanuri, na nyuso za wahusika zikapoteza rangi zake zote.

Sababu ni mdundo wa mwanga. Kila mwanga unapodunda ukutani unazidishwa na rangi ya ukuta. Baada ya mdundo mmoja nyekundu ni mara mbili ya buluu. Baada ya midundo mitatu unazidisha 0.45 mara tatu na 0.22 mara tatu, na nyekundu inakuwa zaidi ya mara nane ya buluu. Shimo lenye kina ni mashine ya kukoleza rangi: kasoro ndogo ya juu inakuwa kelele chini. Ishara ya mapema ni kivuli. Ukiona vivuli vimekolea rangi kuliko sehemu zenye mwanga, usihangaike na taa, angalia rangi ya ukuta.

Jiwe la sasa lina 0.42, 0.36 na 0.32. Likiwa peke yake kwenye skrini linaonekana la kijivu, lisilo na mvuto, na kila msanii mpya anataka kulitia rangi. Baada ya midundo mitatu, nyekundu yake ni mara mbili na robo tu ya buluu, na hapo ndipo joto tulilolitaka linapojitokeza. Uwekundu wa Kisima unatengenezwa na kina chake.

Watu wa Kisima wenyewe wanapaka kanda za chokaa, zinazoakisi 0.7 hivi, kwenye ukuta unaotazamana na madirisha muhimu. Kanda hizo zinarusha jua mahali linapohitajika kwa mdundo mmoja badala ya mitatu. Kwa mtazamaji ni mapambo meupe ya kuzunguka shimo; kwetu ndizo taa kubwa za filamu. Kwa chokaa hiyo na mwanga wa nguzo tumeishusha tofauti ya doa la jua na kivuli kutoka hatua sita hadi nne. Kwenye Cycles, injini ya kurenda ya Blender, midundo ya `Diffuse` huja ikiwa 4. Inatosha kwa mwamba, lakini kwenye korido za chokaa inaacha pembe zikiwa nyeusi kuliko zinavyostahili, kwa hiyo kwa shoti hizo tunapandisha hadi 8.

Ingizo la 5. Hali nne za mwanga

Ubao wa rangi wa filamu nzima una visanduku vidogo, kimoja kwa kila onyesho, vilivyopakwa kwanza kwa kijivu tatu tu: nyeusi, ya kati na nyeupe. Rangi iliingia pale ambapo kijivu peke yake kilikwisha kueleza jicho liangalie wapi. Kila onyesho linachagua hali moja kati ya nne.

Mshale ni jua la moja kwa moja, la kelvini 5500. Mrudi ni jua lililodunda kwenye chokaa au mwamba, laini na la joto kiasi. Anga ni mwanga wa mbingu tu, wa kelvini 9000 hivi, buluu, usio na vivuli vyenye kingo. Moto ni taa za mafuta, karibu kelvini 1900. Kipimo cha weupe cha kamera kimefungwa kwenye 5000 kwa filamu nzima, kwa hiyo Mshale unakaribia weupe, Anga ni baridi kweli na Moto ni wa machungwa kweli. Kishawishi ni kurekebisha weupe shoti kwa shoti ili nyuso zipendeze. Ukifanya hivyo, taa ya mafuta ya onyesho moja itafanana na adhuhuri ya jingine, na mtazamaji atapoteza saa tuliyomfundisha mwanzoni.

Mshale umetengwa. Unagusa uso wa Sira mara tatu tu katika dakika 22. Maonyesho mengine yote ya mchana yanaishi kwa Mrudi, na jua linaonekana likiwa juu ya vitu au watu wengine.

Ingizo la 6. Onyesho la ngazi: jua linaondoka usoni

Hili ndilo onyesho lililopima kanuni zote. Sira amesimama kwenye ngazi za chini, saa saba na robo, jua la mwisho la siku likimtoka. Shoti ni moja, ya sekunde 40, kamera imetulia.

Mpaka wa doa la jua unasogea. Kwa kina cha mita 180 na nyuzi 15 kwa saa, unatembea saa hiyo kama sentimita 1.45 kwa sekunde, yaani ukanyagio mmoja wa ngazi kwa sekunde 21 hivi. Mwendo huo unaonekana kwa jicho, na kwa mara moja sheria za asili zinatupa kasi inayofaa kwa hadithi bila kudanganya saa.

Ukali wa mpaka ndio uliohitaji uangalifu. Jua si nukta. Lina upana wa nyuzi 0.53 angani. Kivuli cha ukingo ulioko mita 180 juu kinafika chini kikiwa na nusu-kivuli yenye upana wa kama mita 1.85. Katika Blender hilo linaongozwa na `Angle` ya taa ya `Sun`, inayokuja ikiwa nyuzi 0.526, na ni sahihi kuiacha hapo. Majaribio yaliyoiweka sifuri, kwa nia ya kupata mstari wa kishujaa, yaligeuza mji kuwa kisanamu cha mezani. Jicho linajua kwamba kivuli kikali kinatoka karibu. Ukiona shimo lako linaonekana dogo japo vipimo viko sawa, kagua ukali wa vivuli kabla ya kugusa lenzi.

Nusu-kivuli ya mita 1.85 kwa mwendo wa sentimita 1.45 inachukua zaidi kidogo ya dakika mbili kupita juu ya mtu. Shoti yetu ya sekunde 40 inaonyesha theluthi moja tu ya kufifia huko. Hakuna mstari unaopita usoni. Uso unapoa polepole, weupe unapungua, kisha buluu ya Anga inaanza kuonekana kwenye shavu la upande wa kivuli. Tuliuliza kama theluthi inatosha. Inatosha kwa sababu chokaa iliyo nyuma yake iko mbele zaidi ndani ya nusu-kivuli na inazima kabla yake, hivyo sura yake inaanza ikiwa nyeusi kiasi mbele ya weupe na inamalizia ikiwa nyeupe kiasi mbele ya weusi. Ubadilishanaji huo unaonekana hata ukiondoa rangi zote, na ndio tulioukagua kwanza kwenye kijivu tatu. Kidani kiko katikati ya kifua, kama bakuli, na ndiyo pete pekee kwenye fremu.

Ingizo la 7. Vumbi la hewani, na maji

Miale inayoonekana hewani inahitaji vumbi, na vumbi liliwekwa awali kwenye chumba cha majaribio cha mita 10. Uzito wa 0.02 ulitoa mwale mzuri. Uzito huo huo kwenye shimo zima uliua jua: mwanga wa moja kwa moja unapungua kwa kadiri ya uzito mara umbali, na 0.02 mara mita 180 ni 3.6, ambayo inaacha chini ya asilimia 3 ya jua kufika sakafuni. Kwa 0.005 inafika asilimia 41. Kiwango cha sasa ni 0.003, kinachopitisha asilimia 58, na vumbi zito limewekwa kwenye maboksi madogo pale tu ambapo kamera inatazama mwale ukiwa na ukuta mweusi nyuma yake. Mwale wenye ukuta wa chokaa nyuma hauonekani hata ukiongeza vumbi mara tano, kwa hiyo hapo haujaribiwi kabisa.

Kilichobaki wazi ni maji ya chini. Uso uliotulia unaakisi mdomo wa shimo, yaani unatuletea pete ya pili kwenye kila shoti inayotazama chini, nayo inavunja kanuni ya motifu moja. Pendekezo lililo mezani ni kuweka mawimbi madogo ya sentimita 2 kwenye maji kila siku ya kawaida, yanayotosha kuivunja taswira vipande vipande, na kuyatuliza katika onyesho moja tu, lile la Sira kuchota maji kwa mara ya mwisho. Jaribio la mawimbi linarendwa kwa hali ya Anga na ya Mshale. Kwenye Mshale kuna tatizo la ziada: jua likipiga mawimbi linatupa madoa ya mwanga yanayocheza kwenye dari za ghorofa ya chini, na Cycles inayatoa yakiwa na chembe nyingi. Madoa hayo yatapakwa kwa mkono, fremu mbili mbili, juu ya picha iliyorendwa bila hayo.